Omba hela ya lenta, usiombe hela ya nyumba

Baruapepe nyingi zinazowafuata ndugu walioko Maskati, London au Toronto huanza kwa salamu ndefu, kisha kikaja kishindo: tumekubaliana kujenga nyumba ya ukoo, makadirio ni milioni 45, kila mmoja achangie alichojaliwa. Wachache wanatuma, wengine wanasubiri waone. Mwishowe kunabaki kuta zisizo na paa na kundi la WhatsApp lililonuna. Mimi sioni uchoyo hapo. Milioni 45 hakuna anayeweza kuzikagua akiwa mbali, lakini mifuko 14 ya saruji kila mtu anajua kuihesabu.

Kwa hiyo barua iombe hatua moja tu, na vipimo vitangulie bei. Tuseme kuta zimefika juu ya milango na madirisha, inayofuata ni lenta. Kuta zote, za nje na za ndani, zina urefu wa mita 60. Tofali ni la inchi 6, yaani upana wa sentimita 15, na kimo cha lenta ni sentimita 22.5. Ukizidisha unapata zege la mita za ujazo 2 na kidogo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo inakula mifuko kama sita na nusu ya kilo 50, kwa hiyo 14 inatosha. Nondo nne za milimita 12 zikizunguka kuta zote ni mita 240, sawa na nondo 20 za mita 12. Ongeza mbili za kupishanisha kwenye maungio. Hesabu hiyo shangazi aliyeko Maskati anaweza kumwonyesha fundi yeyote anayemwamini, naye akamwambia kama imetiwa chumvi.

Ndani ya barua iwe hivi (bei ni za mfano, zako ziandike pamoja na tarehe uliyoziuliza dukani):

> Ndugu zetu, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Tumefika lenta. Saruji mifuko 14: 238,000. Nondo za mm 12, 22: 594,000. Nondo za mm 8 za ringi, 17: 238,000. Mchanga na kokoto: 320,000. Mbao za boksi, waya na misumari: 210,000. Fundi na vibarua: 400,000. Jumla 2,000,000. Salio la msingi lipo 150,000, tunaomba 1,850,000. Hatutaomba ya kupaua kabla hamjapata hesabu ya hii.

Mstari wa salio ndio unaosomwa kwanza, hata kama hakuna atakayekiri.

Fedha ikianza kuingia, andika kilichotumwa na kilichofika. Mtu akituma rial 30 na zikafika shilingi 195,000, yeye anakumbuka rial na mweka hazina anakumbuka shilingi. Usipoandika zote mbili, ugomvi unakuja wenyewe. Ada ya kutolea kwenye simu nayo iwe na mstari wake. Wapo wanaoificha kwa kupandisha mfuko wa saruji kutoka 17,000 hadi 18,000, na hiyo elfu moja ndiyo itakayokuja kuitwa wizi.

Risiti ya EFD ya duka la vifaa ina namba ya uhakiki, na aliye ughaibuni anaweza kuiingiza mwenyewe kwenye verify.tra.go.tz akaona kiasi kilichoandikwa. Piga picha risiti nzima, namba ionekane. Mwenye lori la mchanga kwa kawaida hana mashine hiyo: andika hati ya malipo yenye tarehe, idadi ya tripu, namba ya gari na saini yake.

Risiti hata hivyo haisemi nondo ni nene kiasi gani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kilo 10.6 hivi. Pima moja kwenye mizani dukani na upige picha. Ikisoma kilo 9, umeuziwa nyembamba au fupi, irudishe kabla gari halijapakia.

Na michango ikiingia nusu? Usimwage nusu ya lenta, kwa sababu zege la mwezi ujao halishikani vizuri na lililokwisha kukauka, na ufa utaanzia pale pale. Nunua nondo kwanza, zikae juu ya magogo na kufunikwa. Saruji iwe ya mwisho, siku moja kabla ya kumwaga, maana ikikaa stoo yenye unyevu inashika mabonge. Mfuko ukibaki, uandike kwenye hesabu kwamba umebaki na utajengea kozi za juu ya lenta.