Shetani Gani Huyu Anayejua Kalenda?

Juzi usiku mjomba wangu mmoja katuma sauti ya dakika nne kwenye kundi letu la ukoo. Nampenda mjomba, na yeye anajua, ndiyo maana nayasema hapa na si kule. Kasema binti yetu wa Chake Chake "amerudiwa" na jini lake, na safari hii apelekwe kwa mtu wa uhakika, ukoo uchange. Haikupita robo saa shangazi naye kajibu kwa sauti: jini gani, wanawake wote wana hasira wakikaribia siku zao, huyu kadekezwa tu. Basi wakabishana mpaka saa sita, na mimi nikaunguza samaki wangu.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tarehe.

Huyu binti nitamwita Mdogo, maana ni mtoto wa mama yangu mdogo. Ana miaka 29, anasomesha chekechea, ana watoto wawili na bwana mpole kuliko mabwana wengi ninaowajua. Kwa nusu ya mwezi na zaidi ni yule yule tuliyemlea: mcheshi, mwepesi wa kazi, ukimwachia mtoto huna wasiwasi. Kisha kuna siku zinaingia. Wali ukishika chini ya sufuria, analia kama kafiwa. Bwana akichelewa sala ya isha, anadai talaka yake. Skuli anashindwa hata kuita majina ya watoto, anasema sauti zao zinamchoma. Na mwezi wa Rajabu alinipigia simu usiku, sauti imetulia kupita kiasi, akaniambia watoto wake wangepumzika kama yeye asingekuwepo. Hapo ndipo nilipoacha kucheka na mambo haya. Siku tatu baadaye kanipigia tena, anaomba radhi mmoja mmoja, anaona aibu, haelewi yale maneno aliyatoa wapi.

Katikati ya simu hizo mbili kuna jambo moja tu lililotokea. Aliingia mwezini.

Mwaka juzi bwana wake alichoka, akamwacha moja. Ilikuwa Jumatano usiku. Alhamisi asubuhi damu hiyo, na Jumamosi wote wawili wanalia, wanataka kurejeana. Wazee wakauliza, kwa makini sana, damu ilianza lini hasa, kwa sababu kwa madhehebu yetu ya Shafi eda inahesabiwa kwa twahara, na ule usiku mmoja uliobaki kabla ya hedhi nao unahesabika kuwa twahara nzima. Yaani tarehe ya hedhi ya mwanamke ilijulikana, ikaandikwa, ikajadiliwa na wanaume watatu wenye kanzu nyeupe. Ilitumika kujua talaka inakwisha lini. Kujua ilianzia wapi, hapana.

Sasa tuje kwa mganga. Mavyaa wake Mdogo, na hapa sitaki kumdhulumu kwa sababu ni yeye aliyelala naye chumbani usiku ule mbaya, alimpeleka akasomewe. Akapewa kombe la zafarani, akafukizwa, akanywa siku tatu. Siku ya tatu akaamka mzima. Nyumba nzima ikashuhudia. Mwezi wa pili likarudi, akanywa tena, akapona tena. Mwezi wa tatu akahamishiwa kwa mwingine wa ng'ambo ya pili ya kisiwa, mwenye sifa zaidi na bei zaidi, na huyo naye "akamponya" kwa siku mbili.

Hebu fikirini. Hakuna anayempeleka mgonjwa siku akiwa mzuri. Unampeleka pale mambo yamefika kooni, na kwa ugonjwa huu unaofuata hedhi mambo hufika kooni siku mbili tatu kabla ya damu. Ukimpa kombe siku hiyo, atapona. Ukimpa panadoli, atapona. Ukimpa urojo wa ndimu nyingi, wallahi atapona. Kila aliyemshika siku hiyo ataondoka na sifa, na ugonjwa utabaki pale pale ukisubiri mwezi ujao. Sisemi kisomo hakimtulizi mtu, mimi mwenyewe nasoma nikikosa usingizi. Lakini kisimame mahakamani kushuhudia kitu ambacho hedhi ndiyo iliyokifanya, hapo nakataa.

Na mtego huo huo uliwanasa watu wa spitali. Zahanati moja ya kulipia ilimpima homoni, akalipa pesa ya cherehani aliyokuwa akiiwekea, majibu yakaja: kila kitu sawa. Akarudi nyumbani kaambiwa hana kitu. Lakini katika ugonjwa huu homoni huwa sawa! Mwaka 1998 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, akina Peter Schmidt, walichukua wanawake wenye hali kali kama hii, wakavilaza vifuko vyao vya mayai kwa dawa ili homoni zisipande wala kushuka. Waliopata nafuu wakarudishiwa homoni kwa kiasi cha kawaida, na dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo wakafanyiwa vile vile, hawakuhisi kitu. Homoni ni zile zile, ila ubongo wa huyu unapokea mabadiliko yake vingine. Kipimo cha damu hakiwezi kukuonyesha hilo hata ukilipa mara tatu.

Kinachoonyesha ni daftari. Shangazi, nakusudia wewe hapa. Ni kweli, wanawake wengi huumwa maziwa, hununa, hutamani vitu vitamu, kisha maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo ya kawaida na sibishani nayo. Hii nyingine madaktari wanaiita PMDD, ugonjwa mkali wa hisia wa siku za kabla ya hedhi. Iliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Wanaoipata ni wachache, kama 2 mpaka 6 katika kila 100 wanaoona hedhi. Haithibitishwi kwa kusimulia, kwa sababu sote tukiulizwa mwezi uliopita ulikuwaje tunakumbuka siku mbaya tu. Unaandika kila usiku, kwa mizunguko miwili isiyopungua, kabla hujajua kesho kutakuwaje.

Wanawake wa hapa wasiniambie hawawezi. Nani kati yetu hana mahali alipoandika siku za Ramadhani anazodaiwa? Mdogo alichukua daftari hilo hilo la deni la funga, akaligeuza upande wa nyuma, akapiga mistari: hasira, kukata tamaa, wasiwasi, kulia kwa ghafla, usingizi, kuzidiwa na kazi. Kila usiku baada ya isha anaweka namba, 1 ikiwa hakuna kabisa mpaka 6 ikiwa imepindukia. Pembeni anaandika neno moja la kile kilichoharibika siku hiyo, kama "sikwenda skuli" au "nimempiga mtoto". Siku ya damu anaweka nukta nyekundu.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa siku 28. Nisome mstari wa hasira peke yake. Siku saba za mwisho kabla ya damu: 3, 4, 5, 5, 6, 6, 6. Wastani ni 5. Kuanzia siku ya nne mpaka ya kumi baada ya damu kuanza: 1, 1, 2, 1, 1, 1, 1. Hiyo 2 ni siku paka alipokula samaki. Mstari wa kukata tamaa unakwenda sambamba, na wa kuzidiwa pia. Bonde na mlima, bonde na mlima.

Mzunguko wa pili ndio ulionifurahisha, kama furaha ndilo neno lake. Hedhi ilichelewa siku tatu, ikawa mzunguko wa siku 31. Na mlima nao ukachelewa siku tatu! Ndiyo maana siku zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye nukta nyekundu, si kwenda mbele. Mjomba, niambie, ni shetani gani huyu anayengoja yai lipevuke ndipo apande kichwani? Na alipokuwa na mimba zote mbili mkasema jini limeona haya. Mwenye mimba hapevushi yai, basi.

Daftari pia linakataa, na hilo watu hawapendi kulisikia. Dada mmoja jirani yangu hapa Mwanakwerekwe aliona la Mdogo, naye akaandika, ana hakika ndiyo hiyo hiyo. Lake lilikuwa 4 kila siku ya mwezi, ikipanda 5 na 6 karibu na damu, ikishuka tena 4. Hakuna bonde. Ile wiki baada ya hedhi ndiyo inayotoa hukumu, na yeye wiki hiyo bado alikuwa hana hamu ya chakula wala ya watu. Hiyo ni sonona ya mwezi mzima inayozidishwa na hedhi, na matibabu yake hupangwa vingine. Alikasirika na mimi kwa siku nzima.

Na tafadhali, anayesema maneno kama yale ya Mdogo ya usiku wa Rajabu hangojewi amalize kurasa mbili. Anapelekwa usiku huo huo, daftari litafuata.

Daktari wa Mdogo aliliangalia kwa dakika kumi, akauliza maswali, akamwandikia fluoksetini miligramu 20. Kwa sonona dawa hii huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kwa hii inaweza kufanya kazi ndani ya siku chache, kwa hiyo wako wanaoinywa kwa zile wiki mbili za mwisho tu, kisha wanaiacha damu ikianza. Mdogo alipangiwa hivyo. Mwezi wa kwanza namba haikupita 3. Alilalamika kichefuchefu, na wali ulishika chini kama kawaida.

Hapo ndipo mavyaa alipomwona kaacha kunywa siku ya damu, akasema alhamdulillahi keshapona, dawa za spitali ya akili ya Kidongo Chekundu za nini tena ndani ya nyumba. Akazitupa. Kwa nia njema kabisa, najua. Na wiki mbili baadaye mjomba anatutumia sauti ya dakika nne.

Daktari kaandika upya, kopo linaondoka na boti ya kesho, na bwana wake kaomba ruhusa kazini abaki naye nyumbani. Mimi nilitaka kumaliza ule ubishi wa kwenye kundi kwa picha moja ya daftari, kurasa zile mbili tu. Nikampigia kumwomba idhini.

"Dada, leo ni siku ya ishirini na mbili ya mzunguko," kaniambia. "Nikikujibu sasa hivi nitakutukana. Niulize nikishaweka nukta."