Katibu Ni Mimi, Dawa Ya Kichwa Iko Wapi?

Mpwa wangu anaoa. Mimi kosa langu ni kusema mbele ya dada yangu kwamba naandika Kiswahili safi. Palepale nikawa katibu. Kazi ya kwanza: andika ujumbe mfupi wa kuita ndugu na marafiki kwenye mkutano wa michango, urushe wasapu. Mistari minne tu. Sasa ni mara ya 6 naiandika ileile.

Niliandika hivi: "Mkutano wa harusi, Jumapili tarehe 14, saa 9, baa ya nyuma ya stendi, Busia."

Baba mdogo alifika Jumapili hiyo saa 3 asubuhi. Akakuta baa imefungwa na kijana anadeki. Kwake tarakimu 9 ni ya saa ya mkononi, na saa yake ya mkononi inasoma kizungu. Amekaa kwenye kreti tupu mpaka adhuhuri, akanipigia simu, sitayarudia aliyoyasema. Siku hizi naandika "saa 9 alasiri, jua likianza kuinama".

Hiyo baa nayo ina sababu zake. Mwenye baa hatozi ukumbi, anajua watu 40 wakikaa masaa matatu wakibishana kuhusu mahema, hawakosi kunywa. Sisi tukaona tumeokoa. Kumbe upande wa baba wa bwana harusi ni watu wa msikiti, baa hawaingii hata kwa kuchungulia. Mkutano ukafanyika nusu ndani, nusu barabarani, na mwenyekiti amesimama mlangoni anageuka kama feni. Tukahamia darasa la shule ya msingi nyuma ya soko. Madawati ya darasa la 2. Wajomba wenye matumbo wakinyanyuka, dawati linanyanyuka nao.

Basi, tarehe na mahali vikakaa sawa. Ikabaki namba ya simu ya kupokelea michango, na hapo ndipo nilipozeeka.

Mweka hazina ni Shangazi. Mwaminifu, hata chenji ya mia anarudisha. Lakini laini yake ilisajiliwa zamani kwa kitambulisho cha mpangaji wake. Mtu anaweka namba ya Shangazi, anaweka kiasi, na kabla hajabonyeza namba ya siri simu inamwonyesha jina la mwanamume asiyemjua. Anaacha. Na afanye nini? Miji yote hii tumefundishwa: jina likija tofauti, usitume. Jioni moja nilipigiwa simu na watu 11, wote wananiuliza kama nimeibiwa simu. Ilibidi niongeze kwenye ujumbe: "Jina litakalotokea ni la mpangaji, msiogope." Wakaogopa zaidi. Mwishowe tukatumia laini ya binti yake, jina linalotokea ni la ukoo, na simu zikanyamaza.

Halafu lile neno: "tuma na ya kutolea". Mnaniona bahili kwa kuliandika kwa herufi kubwa. Ukituma 50,000 kavu, Shangazi akienda kwa wakala hapati 50,000. Kuna ada ya kutolea, na juu yake, kwetu Uganda, kuna kodi ya nusu asilimia ya kila pesa inayotolewa, ipo tangu 2018. Kwa 50,000 hiyo kodi ni 250, mtu anacheka. Lakini bajeti yetu ni 8,000,000. Ikipitia yote kwa wakala, kodi peke yake ni 40,000, ada bado. Hiyo ni soda za meza ya wazee, zimeyeyuka hewani! Ndiyo maana nawaambia wa karibu waje na noti mkononi, nao wananiandikia alama ya kidole gumba.

Na orodha je? Kila anayeahidi anainakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha kwenye kundi. Nzuri. Sasa wawili wakinakili dakika moja, kila mmoja anarudisha yake, na atakayefuata ananakili ya mwisho kuonekana. Jina moja linakufa, hakuna anayelia. Unalitambua pale tu namba 17 inapokuwa mtu mwingine.

Jumapili iliyopita Shangazi kasimama na daftari, kavaa miwani, anasoma ahadi moja moja, watu wanapiga makofi. Kafika mwisho, kanyamaza, kanitazama.

"Katibu. Wewe mbona hujaahidi kitu?"

Mimi! Niliyeahidi 100,000 wa kwanza kabisa, siku orodha ina jina moja! Nikatoa simu nimwonyeshe, nikawa napandisha ujumbe juu, juu, napita picha za mahema, salamu za asubuhi, sauti ya baba mdogo akilalamika kuhusu kreti. Darasa zima linasubiri. Na simu ikaita mkononi.

Faini ya simu kuita mkutanoni ni 5,000. Kanuni hiyo niliiandika mimi.