Shangazi wa Dodoma na salari slipu ya Leipzig

Kwenye salari slipu yangu huku Leipzig kuna makato madogo ambayo mwanzoni sikuyaelewa kabisa, nikamuuliza mwenzangu wa kazini, Mjerumani, akacheka akasema hayo ni kwa sababu huna mtoto. Nikajua ananitania. Kumbe ni sheria, ipo tangu 2005, ukishapita miaka 23 na hujazaa unachangia zaidi kwenye ile bima yao ya kutunza wazee na wasiojiweza, kwa sasa nyongeza ni asilimia 0.6 ya mshahara. Na ukiolewa daraja lako la kodi linabadilika, kama mmoja wenu anaingiza hela nyingi kuliko mwenzake mnaweza mkabaki na hela nzuri tu mwisho wa mwaka. Kwaiyo nyie mnaosema Ulaya hakuna anaejali umeolewa au hujaolewa, wanajali jamani, ila wanajali kwa kompyuta, wanakata wanakaa kimya. Hakuna anaekupigia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kukuuliza.

Mimi nina 36, Mgogo, nimekulia Chang'ombe Dodoma mjini, huku nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na sijaolewa. Nimechoka na huu ubishi wa kila siku, huyu anasema wazungu wamepoteza maadili mwingine anasema ndugu zetu ni wanoko tu hawana kazi. Mi naona wote mnaruka jambo moja. Kila anaekuuliza "utaolewa lini" ana kitu anakisubiri, na ukishajua anasubiri nini ndo unaelewa kwa nini haachi.

Sa chukua sisi Wagogo. Mahari ni ng'ombe na mbuzi, siku hizi wengi wanageuza hela lakini hesabu bado inapigwa kwa ng'ombe, na wale ng'ombe sio wa baba peke yake. Wanagawanywa. Upande wa baba wana fungu, mjomba ana fungu, na mara nyingi kaka yako anakodolea macho mahari yako ili na yeye apate ya kwenda kuolea. Binti akikaa nyumbani mpaka miaka 30 na kitu sio kwamba ana siri zake tu na maisha yake, kuna watu watatu wanne mipango yao imesimama na hawawezi kukwambia hivo waziwazi, kwaiyo wanakwambia "mchagua nazi hupata koroma". Ongeza na uzee. Mkulima wa mtama wa Bahi au Chamwino hana NSSF wala PSSSF, pensheni yake ni wajukuu. Zanzibar wana pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu 2016, huku bara bibi yangu anategemea ulichotuma. Mjerumani alianza ile bima ya kutunza wazee 1995, kwaiyo bibi wa Leipzig hana haja ya kumsumbua mjukuu, tayari mimi nakatwa kwa ajili yake. Ndo maana yuko kimya. Sio kwamba ana adabu kuliko shangazi yangu.

Basi hadi hapo utaona kama nawatetea. Subiri.

Nina binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Nkuhungu, ni mwalimu wa msingi, ana 33 na ni wa kwanza kwao. Mdogo wake wa kike alipata mchumba, mshenga akaja na barua ya posa, wazee wakaipokea ila wakasema itajibiwa dada mtu akishapata, eti mdogo hawezi kumruka mkubwa. Hawakumtukana, hawakumfukuza. Ila kuanzia siku ile mle ndani ikawa kila mtu akimuangalia anaona barua. Mdogo mtu ananuna, mchumba anapiga simu anauliza mbona kimya, mama anasali kwa sauti usiku ili asikike ukutani. Na yeye anatabasamu tu.

Alafu tumbo likaanza. Kuwaka, kujaa gesi, akila tonge mbili tatu za ugali na mlenda ameshiba. Akaambiwa vidonda vya tumbo, akapewa omeprazo, akapima wale bakteria wa tumbo hawapo, akarudi akapewa dawa nyingine, mwisho akaenda kwenye kamera ya kumezeshwa mpira, tumbo safi. Moyo unadunda, wakapima presha na umeme wa moyo, safi. Hela imeenda, na kila majibu yakitoka safi ndo anazidi kuogopa, maana sasa anajiuliza ni ugonjwa gani huu hauonekani. Wa kwanza kushtuka alikuwa mganga mmoja wa zamu ambae badala ya kuuliza tumbo aliuliza usingizi. Akamjibu analala vizuri saa nne ila saa tisa usiku macho yanafunguka na hayafungi tena mpaka adhana. Kila siku? Kila siku, mwezi wa tatu sasa. Akamuuliza tumbo linawaka zaidi siku gani, binamu akafikiria, akasema Ijumaa.

Ijumaa! Kwa sababu Jumamosi kuna harusi, au kichen pati, au sendofu, na Jumapili mchana kuna kikao. Na yeye ndo mweka hazina wa kamati kila harusi ya ukoo, sababu "wewe huna majukumu". Yaani anashika daftari la ahadi za watu, anapigia watu simu wamalizie michango, anagawa kadi za singo na dabo, ya kwake mwenyewe ni singo, anaingia ukumbini anakaa meza ya mabinti wa miaka 20, alafu emsii anasema wale ambao bado wasogee mbele. Kila wiki, miezi ile ya baada ya mavuno yote. Na michango yake kwa watu hakuna siku itarudi, si ndo utaratibu, unachangia ili na wewe uchangiwe, asieolewa anatoa tu. Hili huwa hatulisemi kwa sababu ukilisema unaonekana una choyo.

Mganga akamwambia hii ni wasiwasi na sonona vimeshikana, mwili ndo unasema. Kukosa usingizi wa alfajiri, hamu ya kula kupotea, kutofurahia vitu ulivyokuwa unavipenda, moyo kukimbia bila sababu, vikizidi wiki mbili mfululizo hutakiwi kuvichukulia kama uchovu tu. Akamwandikia barua aende Mirembe.

Kama wewe sio wa Dodoma hutaelewa uzito wake. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina madaktari waliosomea, lakini kwetu jina lile ni tusi, mtoto akifanya fujo darasani anaambiwa utapelekwa Mirembe. Msichana wa miaka 33, hajaolewa, aonekane pale getini? Posa ya mdogo mtu nayo ingekufa, maana ukoo wa mume unauliza kama kuna kichaa kwenu. Kwaiyo alikuwa anapanda bodaboda anashuka mbali anamalizia kwa miguu, mtandio umefunika uso, na nyumbani ameaga anaenda semina ya walimu. Akaanzishiwa vidonge, akaambiwa visitegemewe siku ya pili, vinachukua kama wiki mbili mpaka nne kuanza kusaidia, na asiviache ghafla, akapangiwa na mtu wa kuongea nae. Kwenye maongezi ndo alisema kwa mara ya kwanza kwamba hana hata uhakika kama hataki kuolewa. Alikuwa hajapata nafasi ya kujiuliza, kila mtu alikuwa ameshamuulizia.

Hapa ndo natofautiana na wenzangu wa huku wanaosema dawa ni kuhama. Mimi nilihama. Presha ya kwetu imekuja na mimi kwenye wasapu, mwezi wa kumi na moja nikiona simu ya shangazi mkono unatoka jasho kwa sababu najua anataka kuuliza nakuja Krismasi na nani. Na huku mtu akiwa na sonona daktari anamsikiliza vizuri, anaandikiwa likizo ya ugonjwa, bosi haambiwi ni ugonjwa gani. Ila akirudi nyumbani anakaa peke yake na ile karatasi. Pale kazini kwetu nimeona wazee wamezikwa tukiwa watu wanne, wawili ni sisi wafanyakazi. Shangazi akiniuliza "na ukifa nani anakuzika, hiyo bima?" simjibu, kwa sababu sio swali la kijinga.

Wanaume nao wanaumia, tena wao kijana akifika 38 hajaoa hawamwambii mchagua nazi, wanaanza kunong'ona kuhusu uume wake. Na wapo walioingia tu ili watu wanyamaze. Watu wananyamaza miezi mitatu, alafu wanaanza "mbona kimya, hamna dalili?" 

Na kitu kimoja kinanichekesha, nchi nzima tulibishana miaka kuhusu umri wa chini, ile Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu binti wa miaka 15, Mahakama Kuu ikasema 2016 haifai, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Sawa kabisa. Lakini sheria hiyohiyo inasema ndoa ni kwa hiari ya hao wawili, na umri wa juu haijauweka. Umri wa juu tunauweka sisi sebuleni.

Kwa binamu kilichosaidia sio hotuba. Baba mdogo wetu, ambae ana heshima kwenye ukoo, aliitwa akaelezwa ukweli wote mpaka wa Mirembe, akakaa kimya sana, alafu kwenye kikao akasema posa ijibiwe, huyu mkubwa asiwe kizuizi cha mwenzie na mwenzie asiwe fimbo ya kumchapia. Wazee walibisha, mila mila, akawauliza mila inasema tumuue yupi. Ikajibiwa. Harusi ikafanyika mwezi wa tisa, binamu akakataa uweka hazina, akaja kama mgeni akala akacheza akaondoka saa nne. Dawa bado anakunywa, usingizi umerudi karibu wote, tumbo la Ijumaa linakuja mara mojamoja. Shangazi bado anauliza. Mama bado anasali, ila siku hizi kwa sauti ya chini.

Mjomba ndo alikuwa mkali kuliko wote, kila wiki alikuwa anapiga simu kutoka Kongwa kuuliza dada mtu vipi. Alipata fungu lake la mbuzi kwenye mahari ya mdogo mtu, tangu hapo hajauliza tena.