Sikukuu ya bi mkubwa wa jirani: kanga au alasiri ya Jumanne?

"Jirani yetu ni bi mkubwa wa miaka 78, anaishi peke yake, watoto wake wako Dar na Maskati. Kila Idi tunampelekea kanga. Mwaka huu natamani nimpe kitu kitakachomfaa hasa. Nimpe nini?"

Kwanza kanga isidharauliwe. Bi mkubwa huifungua, huisoma jina lake, akaamua aivae au ampe mjukuu, na akishaipokea hadaiwi kitu. Kumtembelea ni jambo jingine. Ukipiga hodi, yeye ndiye mwenyeji: atainuka atafute kiti, ateleke chai, ajifunge vizuri, na ukikaa saa mbili umeshamchosha. Tena ukimwahidi kuja kila wiki kisha ukapotea baada ya mwezi, umemwachia ngoja ngoja ambayo hakuwa nayo kabla. Kwa hiyo anayesema kitu ni salama kuliko ahadi ana hoja ya kweli.

Lakini mahitaji ya mzee anayeishi peke yake aghalabu hayapatikani dukani. Hapa Zanzibar Serikali inawalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii tangu 2016. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hazitoshi, ila sukari na sabuni zinapatikana. Hazimleti mtu wa kumtazama miguu.

Nasema miguu kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Jirani yangu wa Ng'ambo alianza kuchechemea, nikadhani ni magoti. Siku moja akanionesha: kucha ya kidole gumba ilikuwa imepinda na kuingia nyamani. Hakuwa tena na uwezo wa kuinama hadi huko, na kumwomba mtu amkate kucha aliona aibu. Kanga nne nilizompa zilikuwa sandukuni.

Kidole hicho kilishaanza kuvimba, tukampeleka kituo cha afya. Kucha zilizobaki, na za miezi iliyofuata, nazikata mwenyewe. Namloweka miguu dakika kumi katika maji ya vuguvugu ambayo nimeyajaribu mimi kwanza, maana ngozi ya mzee huchelewa kuhisi moto. Nakausha hadi katikati ya vidole, kisha nakata kucha moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Angekuwa na kisukari au kidonda nisingegusa mkasi. Kazi hiyo ni ya kituo cha afya. Wakati miguu imo majini anazungumza. Katika dakika hizo hizo nilijua kwamba usiku, akienda choo cha uani, hujikwaa kwenye ncha ya mkeka. Tukauondoa mkeka, tukasogeza kigoda, na tochi tukaifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda pale mkono wake unapofika akiwa amelala. Gharama ilikuwa tochi tu.

Chakula nilikosea mwanzoni. Nilikuwa nampelekea sahani iliyofunikwa na kuondoka, na kesho yake naikuta nusu. Si kwamba hakukipenda. Kula peke yake ndiko kulikomshinda, akaishia chai na mkate. Nilipoanza kuja na sahani yangu pia, alikula.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwa bidii yangu nikawa nafua, nafagia, nachambua mchele, hadi akaniuliza, "Sasa mie nifanye nini?" Alikuwa sahihi. Mikono yake ilikuwa mizima, na ukimnyima kazi anayoiweza unamdhoofisha na kumfanya mgeni ndani ya nyumba yake. Mchele nikamrudishia. Siku hizi binti yangu hukaa naye kibarazani akifundishwa kusuka ukili, na bi mkubwa humfumulia mistari iliyolegea bila huruma. Hapo ndipo ziara zetu zilipoacha kuwa sadaka.

Jambo moja silifanyi hata akiniomba: kushika namba yake ya siri ya simu. Ujumbe wa fedha namsomea kwa sauti, namba anabonyeza mwenyewe. Siku fedha zikipungua, hata kwa makosa ya mwingine, shaka ikiingia kati yenu haitoki.

Basi kwa maoni yangu, kanga ipeleke siku ya Idi kama kawaida. Asiyeletewa kitu sikukuu hujiona kasahauliwa. Juu yake mpe nusu saa kwa wiki, siku moja ile ile, isiyozidi unachoweza kukitimiza mwaka mzima, na ukisafiri mwambie kabla. Siku usiichague wewe. Muulize ipi huiona ndefu. Wangu alinijibu Jumanne, kwa sababu Ijumaa wapitao kutoka msikitini humsalimia.