Kikombe Chenu Kina Ujazo Gani?

Jumamosi iliyopita, kabla ya saa moja asubuhi, mpwa wangu alinipigia simu huku sauti ikimtetemeka. "Shikamoo shangazi. Mahamri yamekuwa magumu kama vigae, na wakwe zangu wanafika saa tatu." Nilitoka Majengo nikaenda kwake Kibokoni, hapa hapa Mombasa. Mbaazi zilikuwa tayari jikoni, laini, tui limekolea, lakini kwenye sinia palikuwa na mahamri bapa yasiyokuwa na uwazi ndani, na ukiligonga moja kwa jingine linatoa mlio. Binti wa watu alikuwa ameamka saa tisa usiku kuukanda unga ule. Nilipomwuliza amefuata nini, alinionyesha simu.

Maelekezo yenyewe hayakuzidi mistari mitano: unga vikombe vinne, tui kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja, iliki kiasi, kanda, acha uumuke, sukuma, kata, kaanga. Picha ya juu ilikuwa nzuri mno. Chini yake palikuwa na nyota tano na safu ndefu ya watu walioandika "Mashallah, yanapendeza, nitajaribu."

Niliomba nione vikombe alivyotumia. Unga alikuwa ameuchota kwa kikombe kikubwa cha chai, kile cha kushikia kwa kiganja kizima, na tui alikuwa amelipima kwa kikombe kidogo kinachouzwa pamoja na sahani yake. Tuliweka kile kikubwa kwenye mizani yangu: unga uliochotwa na kusawazishwa kwa kisu ulikuwa gramu 190. Mara nne ni gramu 760. Kile kidogo kilijaa mililita 250 za tui. Kwa hiyo majimaji yalikuwa theluthi moja tu ya uzani wa unga, na unga wa mahamri uliokandwa kwa kiasi hicho hauwezi kuumuka vizuri hata ukiufunika mpaka adhuhuri, kwa kuwa umekaza mno na hewa ya hamira haipati nguvu ya kuusukuma. Mpwa wangu hakukosea. Alipewa neno "kikombe" bila kuambiwa ni kikombe gani, naye akafanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Hili ndilo linaloniudhi, na sitalipita upesi. Kikombe cha kupimia cha Marekani ni takriban mililita 237. Kikombe cha kipimo cha metriki ni 250. Hata tukikubaliana juu ya kikombe, bado hatujakubaliana juu ya unga uliomo ndani yake, kwa sababu unga uliomiminwa kwa kijiko hukaa mwepesi na unga uliochotwa kwa kikombe chenyewe hushindiliwa. Wapishi wa King Arthur Baking, kampuni ya unga ya Marekani, huhesabu kikombe kimoja cha unga wa ngano kuwa gramu 120, na wale wa America's Test Kitchen, jiko la huko huko la kujaribia mapishi, huhesabu gramu 142. Wote wanaaminika, wote wanajaribu mapishi yao kabla ya kuyatoa, na kwa vikombe vinne tu tayari wanatofautiana kwa gramu 88. Jambo linalomwokoa msomaji wao ni kwamba wanaandika uzani, basi hapotei. Kwa hiyo ninapofungua mapishi ya kitu kinachoumuka au kinachookwa, jicho langu hutafuta gramu kwanza. Zikikosekana, natafuta walau sentensi moja inayotaja ujazo wa kikombe na namna unga ulivyotiwa ndani yake. Vyote viwili visipokuwapo, nafunga, hata picha ikiwa nzuri namna gani.

Najua nitajibiwa kwamba nyanya zetu hawakuwa na mizani. Ni kweli, na sina budi kukiri kwamba sijala mahamri mazuri kuliko ya nyanya yangu, aliyepima kila kitu kwa kiganja. Lakini nyanya alikuwa amesimama kando yangu. Aliubonyeza unga kwa kidole akasema, "Ongeza tui kidogo, bado umekaza." Anayeandika mapishi mtandaoni hayupo kukubonyezea unga, na kwa sababu hiyo analazimika kuandika kile ambacho nyanya alikisema kwa mdomo.

Ndipo ninapotambua pia kama aliyeandika amekaanga mahamri kweli au amenakili pahali. Aliyekaanga atakuambia usukume unene wa karibu nusu sentimita, kwa sababu ukiyasukuma kama chapati hayafuri. Atakuambia utupie kipande kidogo cha unga kwenye karai, na kikizama kikakaa chini, mafuta bado. Zaidi ya yote, atakuambia uchote mafuta ya moto kwa upawa uyamwagie juu mara tu hamri linapoelea, maana hapo ndipo linapovimba na kuwa na uwazi ndani. Maelekezo ya mpwa wangu yaliishia kwenye neno "kaanga."

Muda nao uwe na alama ya kutazama. Saa mbili za kuumua katika nchi ya baridi ni nyingi mno kwa Mombasa, ambako unga huweza kuwa maradufu kabla ya saa moja kuisha na ukachacha ukiuacha zaidi. Hata mapishi yaliyojaribiwa vizuri yalijaribiwa katika hali ya hewa ya huko yalikotoka, na kwa hilo siwalaumu.

Kuhusu maoni ya wasomaji, nyota sizitazami. Nilishuka na kidole mpaka nikampata mama mmoja aliyeandika miezi mingi nyuma kwamba unga wake ulikuwa mgumu na ilimbidi aongeze karibu nusu kikombe cha tui. Hakujibiwa, na maelekezo hayakubadilishwa. Sentensi yake moja ilikuwa na faida kuliko sifa zote zilizoizunguka, kwa kuwa yeye alipika. Natafuta watu kama yeye, wanaosema walitumia nini na nini kilitokea. Wawili au watatu wakilalamikia jambo lilelile, kosa ni la mapishi. Anayelalamika baada ya kuacha hamira na kutia baking powder, huyo simhesabu. Kisha natazama kama mwenye mapishi anarudi kujibu na kurekebisha.

Tulikanda upya mbele ya mizani: unga gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu gramu 7, iliki iliyotwangwa, na tui vuguvugu mililita 250, huku nikiweka vijiko viwili kando kwa kuwa tui la kukamua halilingani uzito siku zote. Viwili vile vilihitajika. Unga ulikuwa maradufu kwa dakika hamsini, na wakwe walipobisha hodi karai la pili lilikuwa linatolewa.

Usiku mpwa wangu aliandika chini ya yale mapishi: "Kikombe changu kilibeba gramu 190 za unga, mahamri yakawa magumu. Nilirudia kwa gramu 500 za unga na mililita 280 za tui, yakafura yote isipokuwa matatu niliyoyasukuma nyembamba. Tafadhali andikeni kikombe chenu kina ujazo gani."