Nyekundu Usisome

Mtu aliyekulia pwani yetu akipewa karatasi ya Kiindonesia ataisoma kwa sauti, na Muindonesia akimsikiliza ataelewa. Msomaji mwenyewe haelewi kitu, lakini kazi imefanyika. Irabu ni zilezile, mkazo kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na ukishaambiwa kwamba "c" yao ni "ch" na "ng" yao ni "ng'" yetu, umeiva. Iko "e" moja ya kumezwa inayosumbua, ila hiyo hata ukiikosea watakusamehe.

Ndiyo maana Mzee wangu, mtaalamu wa mwani kutoka Unguja, alipoalikwa kutoa hotuba kuu kwenye mkutano mjini Makassar, Indonesia, alimkataa mkalimani. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma Yogyakarta. Simu ikaja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka nizungumze nao kwa lugha yao. Wewe si unakaa huko? Niandikie nisome."

Hotuba aliyonitumia ilikuwa ya Kiingereza, na iliandikwa kwa macho, haikuandikwa kwa masikio. Sentensi moja siisahau. Ilisema kwamba Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na ambako wakulima walio wengi ni wanawake wanaofanya kazi kwenye maji mafupi ya pwani ya mashariki, imeishuhudia kotonii, aina ya mwani ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya aina nyingine iitwayo spinosum lakini ambayo haivumilii joto, ikifa katika maeneo mengi ambayo zamani ilistawi. Ukiisoma kwa sauti hadi mwisho bila kushika ukuta, una mapafu ya mpiga mbizi.

Nikaigeuza kama ilivyo. Kiindonesia wana "yang", kazi yake ni kama ya "amba-" yetu, na unaweza kuzipanga foleni mpaka kesho, sarufi haikuzuii. Kwenye karatasi sentensi ilisimama vizuri tu. Kisha nikamtafuta mwenzangu wa darasani, binti wa Kibugis kutoka Sulawesi Kusini ambaye kwao wanalima mwani, nikamwomba afumbe macho, ainue mkono atakapopotea. Mkono ulipanda kwenye "yang" ya pili. Nikaendelea kusoma, mkono haukushuka. Nilipofika mwisho aliniuliza, "Kwa hiyo nani amekufa?"

Tukaivunja. Kila sentensi ibebe jambo moja, na lile neno tunalotaka libaki sikioni likae mwisho, maana msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma. Hata mwaka ulikuwa mzigo. 1989 kwa Kiindonesia ni "seribu sembilan ratus delapan puluh sembilan", silabi kumi na sita, pumzi nzima inaishia kwenye tarehe. Tukaandika "zaidi ya miaka thelathini iliyopita", tarakimu tukaziachia picha za ukutani. Kilichobaki cha sentensi ile kikawa hivi, kwa Kiswahili chake: "Kwetu, mwani hulimwa na kina mama. Wanalima ndani ya maji. Kisha bahari ikapata joto. Kotonii haipendi joto. Kotonii ikafa. Kina mama hawakuondoka." Mwenzangu alifumba macho tena, na mkono ulibaki mapajani hadi mwisho.

Sasa sentensi fupi zina ugonjwa wake. Mtu asiyejua anachokisoma huzimwaga zote kwa kasi moja, kama anahesabu magunia, na hapo ufupi haumsaidii msikilizaji chochote. Zinahitaji kimya katikati. Kwa hiyo mwenzangu akapita kwenye hotuba nzima akiweka maelekezo kwa rangi nyekundu, mahali pa kusimama, pa kuvuta pumzi, pa kutabasamu, pa kunywa maji. Aliyaandika kwa Kiindonesia kwa sababu Kiswahili hakijui, nami nikayaacha kwa sababu Mzee hakutakiwa kuyaelewa. Mpango ulikuwa rahisi: akiona nyekundu, anyamaze na anitazame mimi kiti cha mbele, nami nimwonyeshe kwa ishara afanye nini.

"Nyekundu usisome, Mzee."

"Nyekundu sisomi," akajibu, na akaishika kanuni hiyo kwa uaminifu wa mtu wa jeshi.

Tukamwandikia yote kwa tahajia yetu ili ulimi usigome. Kule mwisho tukamtilia pantun, shairi lao la mistari minne ambalo mzungumzaji wa Kiindonesia akilikosa watu huondoka kama waliokula bila kushiba. Mistari miwili ya kwanza haina maana kubwa, kazi yake ni kutega kina. Miwili ya mwisho ndiyo yenye ujumbe. Na kila mstari ukiisha, ukumbi hujibu kwa sauti ya kuvuta, "Chakeeep!", yaani umependeza. Mzungumzaji lazima awape nafasi ya kuitikia. Tulifanya mazoezi kwa simu ya video, akisoma kwenye kompyuta yake, na wallahi Mzee alikuwa mtamu. "Rumput laut", jina lao la mwani, ilimtoka "rumputi lauti", lakini mapumziko yote aliyapiga panapostahili.

Siku yenyewe, katibu wa mkutano akasema kompyuta haipandi jukwaani. Itifaki inataka hotuba iwe ndani ya jalada rasmi la batiki, watachapisha wao. Wakachapisha. Mashine ya hoteli ilikuwa na wino mweusi peke yake, na jalada likamfikia Mzee akiwa ameshaitwa jukwaani.

Ufunguzi ulikwenda kama asali. Viongozi kule hufungua kwa mnyororo wa salamu za dini zote sita zinazotambuliwa na serikali, na "Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh" ya mtu wa Unguja haihitaji mazoezi. Ukumbi uliitikia mpaka glasi zikalia. Akataja wakubwa kwa vyeo vyao mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa sauti nzito na ya heshima:

"Jeda."

Maana yake, pumziko. Watu wakatazamana. Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Akasoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha:

"Tarik nafas."

Vuteni pumzi. Ukumbi wa watu mia kadhaa, wakulima, maofisa, maprofesa, ukavuta pumzi. Lazima mjue kwamba Indonesia semina haianzi bila mtu kuwachangamsha washiriki kwa michezo ya viungo, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Walidhani mgeni naye amekuja na yake. Tatizo ni kwamba huko, anayesema "vuta" ndiye anayesema "toa". Mzee hakusema toa. Alikuwa ameshahamia kwenye joto la bahari. Nikaona afisa mmoja mnene, shati la batiki limekaza, macho yanamtoka, anangoja ruhusa. Hatimaye sauti ya mama mmoja kutoka nyuma ikasema, "Buang, Pak!", itoe basi, na ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja. Mapazia, nadhani, yalitikisika.

Nikaanza kumpungia mkono. Lakini mkono wangu Mzee ameuzoea, ndiyo ishara yenyewe tuliyokubaliana, ila yeye aliambiwa anitazame kwenye nyekundu, na nyekundu hakuiona popote. Akanipuuza kwa adabu.

"Senyum," akasema. Wote wakatabasamu. "Minum," akasema, na chupa zikafunguliwa safu kwa safu, krr, krr, krr, watu wakanywa. "Lihat kanan." Vichwa vyote vikageuka kulia, mlangoni, ambako kijana wa chakula alikuwa anaingia na sinia la vitafunio, aliposhtukia anatazamwa na ukumbi mzima wenye tabasamu, alirudi kinyumenyume na sinia lake.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hotuba ilikuwa inaeleweka. Kila agizo lilikuwa limekaa palepale pumzi inapoisha, kwa hiyo watu walipata muda wa kulimeza jambo moja kabla ya lingine. Aliposema "Kotonii ikafa," halafu "Jeda," kina mama wa safu za nyuma walitikisa vichwa kama wako msibani.

Kisha ikafika pantun.

"Ke Paotere membeli ikan," akasoma, kwenda Paotere kununua samaki. Makassar nzima inaijua bandari ya Paotere, nyuso zikachangamka, midomo ikaanza kujipanga kwa ajili ya ile "chakep". Na Mzee akaongeza neno lililofuata kwenye karatasi:

"Tungu."

Subirini.

Wakasubiri. Yeye naye akanyamaza, kwa sababu hapa alikumbuka somo vizuri: baada ya mstari huu watu wataitikia, usiendelee mpaka waitikie. Kwa hiyo Mzee anawangojea wao, wao wanamngojea Mzee, kila upande una heshima kuliko mwingine, na hakuna wa kuvunja. Mashine ya kupozea hewa ndiyo pekee iliyokuwa inazungumza. Mwenyekiti akatazama saa. Mimi nimeinama, nimeziba uso kwa ratiba ya mkutano.

"Sampai kapan, Pak?" akauliza yule mama wa nyuma. Mpaka lini, Mzee?

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka wakashikana mabega, na katikati ya kicheko "chakep" ikatoka yenyewe, kubwa kuliko niliyowahi kuisikia. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu ambaye darasa limejibu vizuri, akaendelea: "Singah sebentar di Losari." Apite kidogo ufukwe wa Losari. "Tungu." Safari hii hawakusubiri. "Rumputi lauti kita besarkan," tuukuze mwani. "Rezeki datang' setiap hari," riziki ije kila siku. Chakep juu ya chakep.

Makofi yakaanza, na yeye karatasi bado ilikuwa na mstari mmoja, onyo la mwenzangu kwamba wakipiga makofi asimame kwanza. Akainua mkono:

"Kalau tepuk tang'an, berhenti."

Makofi yakakatika kama bomba lililofungwa. Mzee akasema "Wassalamu alaikum" ndani ya kimya hicho, akafunga jalada, akashuka.

Nilimfuata kwenye chai nikiwa na mpango wa kumweleza taratibu. Sikupata nafasi. Watu walikuwa wamejipanga kupiga naye picha, na yule afisa mnene alikuwa akimuuliza kupitia kwangu kama mbinu ya pumzi ni ya Kizanzibari au ameivumbua mwenyewe.

"Mzee," nilisema walipotuachia, "yale maneno mafupimafupi, jeda, tungu, yalikuwa ni ya wino mwekundu."

"Nyekundu uliniambia nisisome. Umeiona nyekundu pale?"

"Sikuiona, Mzee."

"Basi." Akamega kitafunio, akatafuna, akafikiri. "Wamenialika tena mwakani. Ukiniandikia nyingine, hayo mambo ya joto la bahari yapunguze. Yale mafupimafupi ndiyo waliyoyapenda."