"Liwe la kizamani" si maelezo

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye baa Kirumba, hapa Mwanza, alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nataka bango la usiku wa zilipendwa, liwe la kizamani, rangi zipauke, na vile vidoti vya magazeti, karatasi ichakae." Kesho yake nikampelekea kitu cha kahawia kilichojaa mikwaruzo. Akaniambia kinafanana na chapati iliyoungua. Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki. Alinipa maneno manne, mimi nikayajibu kwa kupaka kahawia juu ya kila kitu, kama wanavyofanya madizaina wengi hapa mjini.

Nikarudi kwa kinyozi wangu karibu na Mwaloni, maana pale ukutani, mkabala na mlango, pana bango la mitindo ya nywele lililopigwa jua miaka na miaka. Litazame kwa karibu. Halina kahawia hata kidogo. Vichwa vyote vimegeuka bluu. Wino wa uchapaji ni wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Njano na majenta huuawa na jua mapema. Samawati na nyeusi huvumilia. Nyekundu, ambayo ni majenta juu ya njano, inabaki waridi hafifu. Kijani kinapoteza njano yake na kuelekea bluu. Ngozi ya mtu inakuwa ya kijivu, kama mgonjwa. Na nyeusi inabaki nyeusi, ndiyo maana mabango ya kweli yaliyopauka bado yanasomeka vizuri ukiwa mbali.

Kinyozi alipolichomoa kwenye fremu ili nilione vizuri, ukingo wa kama sentimita moja uliokuwa umefichwa na ubao ulikuwa bado na wekundu wake wote. Hapo ndipo nilipojua kwamba zile kingo nyeusi tunazoweka kila mara ni mazoea tu. Kingo hukolea kwenye karatasi iliyolala rundoni, ambako hewa na mwanga vinafika pembeni peke yake. Bango la ukutani huwa kinyume chake. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, amua lilikuwa wapi: kabatini au juani. Ukichanganya yote mawili, jicho litakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Vidoti navyo tunavikosea. Wengi hutandaza wavu wa vidoti vinavyolingana juu ya bango zima, pamoja na maandishi na mahali patupu. Mashine ya kuchapa haikufanya hivyo. Nafasi kati ya kidoti na kidoti haibadiliki. Kinachobadilika ni unene wake. Penye kivuli vinanenepa mpaka vinagusana, penye mwanga vinakonda mpaka karatasi inashinda. Herufi za kichwa cha tangazo huwa wino mzima. Vilevile pima umbali wa msomaji: kwa bango la A3 litakalotazamwa kutoka hatua mbili, nafasi ya milimita moja inaonekana. Ukiweka nusu yake, vidoti vinayeyuka na umepoteza kazi bure.

Basi nikamwandikia kijana ninayefanya naye kazi, safari hii hivi:

"Bango la A3, mpiga gitaa katikati. Limechapwa kwa wino nne kwenye karatasi ya bei rahisi, likakaa juani kwenye fremu. Nyekundu imekuwa waridi, njano karibu haipo, samawati na nyeusi zimebaki. Ukingo wa sentimita moja una rangi zake za mwanzo. Vidoti kwenye picha tu, nafasi milimita moja. Maandishi wino mzima. Karatasi ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na pasiwe na kitu cheupe kuliko karatasi."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Mashine hizo hazikuwa na wino mweupe; weupe wote ulikuwa karatasi yenyewe. Karatasi ya bei rahisi ina lignini ya mti, ambayo ndiyo hugeuka manjano ikikutana na mwanga na hewa. Kwa hiyo meno ya mpiga gitaa lazima yawe na manjano yaleyale ya karatasi. Kwenye kompyuta, weka tabaka la karatasi chini na la wino juu kwa modi ya `Multiply`, ambayo huacha rangi ya karatasi ionekane kupitia wino, hapo halitatokea doa jeupe linalokusaliti.

Kijana alimaliza siku hiyohiyo. Tulipolituma kwa mama kama picha ya kawaida, akasema mbona gitaa lina mawimbi kama ziwa. Simu ilikuwa imepunguza ukubwa wa picha, vidoti vikagongana na nukta za kioo. Tukalituma tena kama faili. Akanyamaza dakika kadhaa, kisha akauliza bei ya nakala thelathini.